Kumjua fundi asiye na usajili

"Fundi samani wa Keko anataka advansi ya laki nne ya kabati. Nimetafuta jina la karakana yake BRELA, halipo. Nitajuaje kama ni wa kweli?"

Kukosekana BRELA peke yake hakukwambii mengi. Mchangiaji mmoja aliyemjibu "hana usajili, tapeli huyo" amepatia nusu: anayefanya biashara kwa jina lake halisi halazimiki kusajili jina la biashara. Leseni ya halmashauri ni suala jingine, na wengi hawana.

Anza na lipa namba yake. Weka kiasi, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri, kisha ghairi. Likiwa la mtu mwingine, muulize. Huenda ni la mkewe, huenda siyo.

Halafu pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe wa shina, uulize kama wanamfahamu, tangu lini, na kama kuna mteja aliyewahi kufika kumlalamikia. Ila mimi namwamini zaidi muuza mbao wa jirani. Muulize kama humkopesha mbao. Akisema "huyo taslimu tu", tega sikio.

Dada uliyeuliza kama kuwa na TIN kunatosha: hiyo inaonyesha kajisajili kwa kodi, si kwamba humaliza kazi.

Madeni yake na oda alizokwisha kupokea hutaviona popote. Kwa hiyo badala ya advansi, nendeni pamoja ukanunue mbao wewe, risiti ibaki kwako, ufundi umlipe kabati likiisha.