Umeshika bomba, kidole gumba hakifiki juu ya kioo

*Kaka, natumia Galaxy A54. Kila asubuhi nashika bomba kwenye mwendokasi kutoka Kimara, mkono ulio huru ni mmoja tu na kidole gumba hakifiki juu ya kioo. Nikitaka kuingiza lipa namba niliyotumiwa WhatsApp ndiyo balaa, naruka huku na huku. Nigawe kioo au niweke dirisha linaloelea?*

Dada, kugawa kioo subiri upate siti. Kioo chako ni inchi 6.4; ukikigawa, kila programu inabaki na nusu, na kibodi ikichomoza kinachobaki ni kipande cha kuchungulia. Isitoshe, programu ya juu bado iko kulekule ambako gumba halifiki.

Anza na hali ya mkono mmoja, na uiwashe nyumbani, si kituoni. Ingia Settings, kisha Advanced features, kisha One-handed mode, uchague Gesture. Baada ya hapo, ukiburuta kidole kuelekea chini katikati ya ukingo wa chini kabisa wa kioo, picha nzima inasinyaa na kukaa pembeni, kibodi ikiwemo. Ikiangukia upande usioutaka, gusa mshale ihamie upande wa gumba lako.

Wengi hukwama kwenye huo mburuto. Ukiona ukurasa unasogea badala ya kusinyaa, umeanzia juu mno. Kava lenye kingo nene huzidisha tatizo hili, maana kidole hakiugusi ukingo wenyewe. Kama unatumia vitufe vya chini badala ya miburuto, chagua Button, halafu gusa kitufe cha Home mara mbili harakaharaka. Mimi naona hii ndiyo rahisi zaidi basi linapoyumba. Jihadhari na sehemu nyeusi iliyobaki: ukiigusa kwa shina la gumba, kioo kinarudi kikubwa. Watu hudhani simu ina kasoro.

Sasa hiyo lipa namba. Fungua ujumbe WhatsApp, nenda kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, gusa ikoni ya WhatsApp iliyo juu ya picha yake, uchague Open in pop-up view. Dirisha dogo litaelea. Lishike kwenye kijistari cha juu ulisogeze lisizibe unapoandika. Nyuma yake fungua programu ya malipo, uandike namba huku unaiona. WhatsApp ndiyo ielee, si programu ya malipo, kwa sababu programu nyingine za benki hukataa kufunguliwa kwenye dirisha dogo.

Ukifika kwenye namba ya siri, gusa kijistari tena ulipunguze dirisha liwe kiduara, kisha geuza simu kifuani. Jirani yako naye ameshika bomba hilohilo, na macho yake hayana kazi.