Voisi ya sekunde arobaini na tano: barua kwa mwanangu fundi

"Mama, shikamoo. Nataka kuweka ofa ya kushona ya Krismasi kwenye status na kurekodi voisi ya kutuma kwenye makundi. Ni gauni la mama na la binti yake, kutoka 45,000 hadi 38,000. Nimerekodi mara nne na kila mara inapita dakika mbili. Niseme nini, niache nini?"

Marahaba, Neema.

Ile ya nne nimeisikiliza mara mbili huku napiga pasi. Umewasalimia wote, umemshukuru Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka, umesimulia ulikojifunzia ufundi, na bei imekuja dakika ya pili, wakati mwenye simu keshashuka kwenye daladala. Lakini urefu si ugonjwa, ni dalili. Hujajua bado una nafasi ya magauni mangapi, ndiyo maana maneno hayaishi.

Tuhesabu kwanza. Kuanzia tarehe 1 hadi 20 Desemba, ukitoa Jumapili, una siku kama 17 za kazi. Toa mbili za umeme kukatika na cherehani kugoma, zinabaki 15. Wewe na msaidizi wako mnatoa magauni mawili ya kawaida kwa siku, yasiyo na bitana, basi ni 30. Kwaya imeshakupa 12. Zinabaki 18. Gauni la mtoto lina mshono mfupi lakini zipu ni ileile na shingo ni ileile, kwa hiyo lihesabu nusu ya la mama, wala usijidanganye kuwa ni robo. Sare moja inakula gauni moja na nusu, maana yake una nafasi 12. Tangaza 10. Mbili zilizobaki ni za shemeji yako na mwingine kama yeye ambaye atakuja tarehe 15 na hutaweza kumkatalia.

Sasa angalia unachonunua kwa punguzo lako. Elfu saba mara kumi ni 70,000. Ukiitoa hiyo kwa watu ambao wangekuja tarehe 18 Desemba hata bila ofa, umeitupa. Ukiitoa kwa wanaoleta kitambaa Novemba, umenunua siku za Novemba ambazo vinginevyo ungekaa unafuta mashine vumbi. Kwa hiyo ofa si ya Krismasi kwa kweli, ni ya kuwahi. Tarehe inayotangazwa ni ya kitambaa kufika dukani na mteja kupimwa. Baada ya hapo bei inarudi 45,000, na mtu asikuombe.

Ukishajua hayo, voisi inajiandika yenyewe. Hii hapa, nimeipima kwa saa ya ukutani nikasoma bila haraka, namba ya simu ikiwemo, sekunde 45 hivi:

"Habari zenu. Ni Neema fundi, wa Kihonda, jirani na mashine ya kusaga. Nina ofa ya Krismasi: gauni la mama na la binti yake wa chini ya miaka kumi, sare moja, nashona yote mawili kwa elfu thelathini na nane. Kitambaa unaleta wewe, zipu na uzi ni juu yangu. Nafasi ni kumi tu. Mwisho wa kuleta kitambaa na kupimwa ni tarehe thelathini Novemba, na nguo unachukua tarehe kumi na nane Desemba. Niandikie neno SARE kwenye namba hii…" Hapo taja namba yako polepole, mara mbili.

Utasema namba ya nini wakati mtu anaiona juu ya ujumbe. Anaiona yule uliyemtumia wewe. Akiipeleka kwa dada yake, na dada yake akaiweka kwenye kundi la shule, voisi inafika ikiwa haina mwenyewe. Jina, mahali na namba lazima viwe ndani ya sauti. Hivyohivyo tarehe. Usiseme "wiki hii" wala "mpaka Jumapili". Mwaka fulani nilirekodi "ofa ni wiki hii tu" nikaona nimepata maneno ya kuharakisha watu. Tarehe 21 Desemba akaja mama mmoja na vitenge vitatu, akaniwekea simu sikioni. Ni sauti yangu mwenyewe, inasema wiki hii. Kwake iliingia Jumatatu ile. Nilishona kwa bei ya ofa, nikalala saa nane usiku siku tatu, na bado aliona nimemfanyia uzito.

Neno jingine linaloleta ugomvi ni kitambaa. Ukisema "gauni la mama na mtoto elfu thelathini na nane", nusu ya watu wataelewa ni pamoja na kitenge, kwa sababu dukani nguo huuzwa hivyo. Ndiyo maana nimeandika "nashona", nikaongeza "kitambaa unaleta wewe" palepale kabla hawajaanza kufurahi. Bitana sikuiweka kwenye sauti, itarefusha. Iweke kwenye maandishi.

Kurekodi: zima feni na redio, mwambie msaidizi apumzishe mguu. Simama, usirekodi ukiwa umeinamia kitambaa, sauti inabanwa. Weka simu kiganja kimoja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili herufi P isipulize. Usisome kama tangazo la msiba. Ukifika kwenye "nafasi ni kumi tu", nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Kisha ijaribu kwenye spika ya simu, siyo sikioni, maana wengi wataisikilizia sokoni.

Status ina kazi nyingine. Sauti inamfanya mtu atamani, status inamjibu asome bila kukuuliza. Weka picha ya sare uliyoishona wewe, ile ya mke wa mchungaji na bintiye ingefaa ukiomba ruhusa, au itundike tu kwenye hanga mlangoni asubuhi jua likiwa bado halijawa kali. Picha ya mtandaoni usiiguse. Mteja ataleta kitenge cha pamba chepesi akitaka mwaga uleule wa picha ambayo ilishonwa kwa kitambaa kizito, na wewe ndiye utakayeambiwa hujui. Chini ya picha andika hivi:

SARE YA MAMA NA BINTI, KRISMASI
Kushona zote mbili: 38,000 (baada ya 30 Novemba ni 45,000)
Kitambaa chako. Zipu na uzi ni vyangu. Bitana inalipiwa kando.
Nafasi 10. Kianzio 20,000.
Kujaribu: 12 Desemba. Kuchukua: 18 Desemba.
Kihonda, jirani na mashine ya kusaga. Andika SARE.

Mistari sita, basi. Maua na nyota za kumetameta zinafunika bei.

Status inakufa baada ya saa 24, kwa hiyo picha hiyohiyo irudishe, asubuhi kabla watu hawajatoka na tena jioni siku nyingine. Kila nafasi ikijaa badilisha namba: "zimebaki 6", "zimebaki 3". Ila iwe kweli. Mtaa wenu ni mdogo, na mama aliyeambiwa zimebaki 3 akimkuta jirani yake ameingia wa nne, mwakani hatakuamini hata ukiwa na moja. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifahamu: status yako anaiona mtu uliyehifadhi namba yake na yeye akahifadhi yako. Mmoja asipofanya hivyo, haoni. Kwa hiyo kila unayempima kuanzia leo, kabla hujakunja futi, muulize, "Umenihifadhi kama nani?" Utashangaa wangapi wanakuita "fundi" tu, na wana mafundi watatu wa jina hilo.

Mtu akiandika SARE usianze kumwandikia historia. Mjibu kwa maswali matatu: mtoto ana miaka mingapi, mshono gani, ataleta kitambaa lini. Swali la kwanza linakulinda wewe. Ofa ni ya mtoto wa chini ya miaka kumi kwa sababu mimi yadi 6 za kitenge zimenitosha mama wa wastani na mtoto wa umri huo, gauni likiwa halina mwaga mkubwa. Binti wa miaka 14 ni mama mwingine, kitambaa hakitoshi na kazi imekuwa mbili. Akija na kitenge chenye ua lenye kichwa na miguu, ndege wanaosimama upande mmoja kwa mfano, mwambie mapema aongeze, maana huwezi kugeuza kipande ili kikae vizuri kwenye kitambaa bila ndege wengine kusimama kichwa chini.

Nafasi haihesabiwi kwa neno SARE. Inahesabiwa kitambaa kikiwa mezani, vipimo vikiwa kwenye daftari na 20,000 ikiwa imeingia. Waliosema "nakuja kesho" waandike ukurasa wa nyuma. Siku ya kujaribu usiiache hata kama umebanwa. Watoto wanakua kati ya Novemba na Desemba kuliko unavyodhani, acha pindo la vidole vitatu chini na mshono wa ubavuni wenye nafasi ya kufungua.

Na ukija kutumia maneno haya kwa Idd, usiandike tarehe ya sikukuu, mwezi ndio unaoamua. Hesabu kwa mfungo: vitambaa vifike kabla ya kumi la mwisho, baada ya hapo ni bei kamili.

Rekodi mara moja tena leo jioni, unitumie mimi kwanza kabla ya makundi. Nitampa shangazi yako aisikilize bila kumwambia chochote, halafu nimuulize bei, mwisho lini, na kitambaa ni cha nani. Akikosea hata kimoja, utairudia.

Zipu za inchi 22 ulizoniagiza nimezipata nyeusi na kahawia, nyekundu hakuna. Nazifunga kwenye bahasha, zinakuja na basi la kesho asubuhi.

Mama yako,
Korogwe