Mesej za malipo ya kikundi: kiasi, tarehe na saa visomeke namna moja tu

"Wakuu, mimi ni katibu wa kikoba chetu, mwenyekiti ananitumia mesej za kukumbusha malipo nizipige msasa kabla ya kuziweka kwenye grupu. Kiswahili nakiweza, shida ni hela na tarehe, kila mwezi kuna mtu anasema alielewa vingine. Nyie mnazikaguaje?"

Mkuu mimi nina steshenari na pia nimekuwa katibu wa kikundi miaka kadhaa, kwa hiyo hizi mesej zinapita mikononi mwangu sana, za kikoba, za wenye nyumba wanaodai kodi, za kamati za harusi. Kitu cha kwanza, kabla hujagusa hata neno moja, chukua karatasi unakili namba zote zilizomo kama zilivyo, kila kiasi, kila tarehe, kila saa, namba ya simu ya kulipia. Afu ndo urekebishe Kiswahili. Ukimaliza rudi kwenye karatasi ulinganishe moja moja. Nasema hivi kwa sababu hatari kubwa ya kupiga msasa sio kuacha kosa la mwenyekiti, ni wewe kulisafisha likaonekana zuri huku umeshabadilisha maana bila kujua, mesej mbovu watu wanaiuliza lakini mesej iliyonyooka wanaiamini.

Nikuonyeshe kwa mfano, hii ndo aina ya mesej ninayoletewa:

"Wanakikundi mnakumbushwa hela ya mwezi huu laki na tano, mwisho Ijumaa saa 12, tuma na ya kutolea, atakaechelewa faini elfu tano kila siku."

Ukiisoma haraka iko poa kabisa. Sasa tuanze na hiyo laki na tano. Wengi watakwambia ni 105,000, yaani laki na elfu tano, ila kuna mtu kazoea kusema "laki na nusu" na "milioni na mbili" akimaanisha milioni na laki mbili, huyo kichwa chake kinaweza kwenda 150,000. Hela zetu tunazitaja kwa mkato, hiyo "elfu" tunaimeza, na kwa mdomo haina shida maana mnaulizana hapohapo. Kwenye maandishi usiimeze. Hata "elfu kumi na tano" ukiiangalia vizuri inaweza kuwa 15,000 au 10,005, hiyo ya pili hakuna atakayeilipa lakini ukipanda juu, "milioni mbili na hamsini", hapo pana ugomvi wa kweli kati ya 2,050,000 na 2,000,050 hasa kwenye barua ya mkataba. Kwa hiyo mimi naandika tarakimu kwanza na maneno kamili pembeni: TZS 105,000 (laki moja na elfu tano). Tarakimu ikikosewa sifuri, maneno yanaiumbua.

Ila usijiamulie kwamba ni 105,000 eti kwa sababu ndo inaingia akilini. Mpigie mwenyekiti umuombe mchanganuo. Kwenye hii mesej ni rejesho 100,000 na mfuko wa jamii 5,000, jumla 105,000, basi imekaa sawa. Na mchanganuo wenyewe uache ndani ya mesej, maana mtu akijumlisha asipate jumla uliyoandika atauliza leo, sio siku ya mwisho. Kama mna mwanachama Mombasa au Nairobi andika TZS au shilingi za Tanzania, usiandike "sh" peke yake, na kama mna ndugu Goma au Bujumbura jua kwamba kule wapo wanaotumia nukta kutenganisha maelfu, anaweza kuandika 105.000 akimaanisha laki na elfu tano, wewe baki na alama ya mkato kama kwenye 105,000 na usibadili kati ya mesej moja na nyingine.

Haya, "Ijumaa". Ijumaa ipi? Mesej ikitumwa Jumatatu wengi watachukua ya wiki hiyohiyo, ikitumwa Alhamisi wengine watasema haiwezekani iwe kesho, ni ile nyingine. Na ukiandika "Ijumaa ijayo" ndo umeharibu zaidi, hapo grupu linagawanyika mara mbili. Usitumie pia "kesho" wala "wiki hii", mesej ya watsapu mtu anaifungua siku mbili baadae, au inafowadiwa, ile kesho yake sio kesho yako. Weka siku, tarehe na jina la mwezi: Ijumaa tarehe 26 Juni 2026. Siku na tarehe vyote viwili, maana vinachungana, ukifungua kalenda ya simu ukakuta tarehe 26 ni Ijumaa kweli basi umepita, ukikuta ni Alhamisi kuna kimoja mwenyekiti kakosea na hujui kipi, usichague, muulize. Mwezi uandike kwa jina, 06/07/2026 kwetu ni tarehe sita Julai lakini mwanachama aliye Marekani anaisoma tarehe saba Juni.

Saa ndo kwenye utamu wenyewe. "Saa 12" kwa sisi ni asubuhi au jioni, alfajiri jua linachomoza au magharibi linazama. Kwa anayesoma kwa saa ya simu, 12 ni mchana, kwetu saa sita. Hapo tayari una majibu matatu, asubuhi, mchana na jioni, na yote yanaangukia Ijumaa ileile kwa hiyo tarehe haikusaidii kitu. Nimeona makatibu wanapiga msasa wanageuza "saa 12" kuwa "12:00" ili ionekane ya kiofisi, hapo mwenyekiti alimaanisha jioni na wewe umeshawapeleka watu saa sita mchana. Kama unataka kuweka ya simu ongeza au toa sita, saa 12 jioni simu inaonyesha 18:00 au 6:00 PM. Mimi naandika zote mbili, saa 12 jioni (18:00), na hilo neno jioni silitoi hata kama 18:00 ipo, wazee wetu wengi wanaangalia neno sio mabano.

Kama mna mtu Maskati, yeye yuko mbele saa moja, 18:00 yetu kwake ni 19:00, Lubumbashi wako nyuma saa moja, kwa hiyo ongeza "saa za Tanzania" na iishie hapo, usianze kuwapigia kila mtu hesabu ya alipo. Na kuwa makini na usiku. "Mwisho Ijumaa saa 6 usiku" ni ule usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi? Kwa watu wa Pwani na Zanzibar wenye kuhesabu siku toka magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia, yaani Alhamisi jua likizama. Kwa hiyo saa sita usiku sipendi kuitumia kwenye mesej ya malipo, kama ni lazima naweka saa 5:59 usiku (23:59) na tarehe yake, hiyo haina siku mbili.

Tukitoka hapo kuna kuulizana: mwisho wa nini, kutuma au kuingia? Aliyetuma kwa benki Ijumaa jioni hela inaweza kuonekana Jumatatu, atakuonyesha risiti ya Ijumaa na atakuwa na haki yake kama mesej ilisema "mwisho wa kutuma". Andika "iwe imeingia kwa mhazini". Na "ya kutolea" pia, kila mtu anakisia kivyake na makato yenyewe yanabadilika, usiandike kiasi chake, andika mhazini anatakiwa abaki na ngapi baada ya kutoa. Namba ya simu ya mhazini usiichape upya, kopi na upesti, na weka jina litakalotokea kwenye simu kabla mtu hajathibitisha.

Faini niliiacha mwisho makusudi, ndo inayoleta maneno. "Elfu tano kila siku" kuanzia lini? Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa? Mtu akilipa Jumatatu tarehe 29, ukihesabu wikendi ni siku tatu, 15,000, usipohesabu ni siku moja, 5,000. Elfu kumi hiyo watu wanaachia kikundi. Na angalia hili, mtu akilipa Ijumaa saa 2 usiku keshachelewa, je ana faini ya siku moja au hana? Mesej haisemi. Hapa wewe katibu huna mamlaka ya kuziba pengo, hata kama unaona jibu la haki, kamuulize mwenyekiti au fungua katiba ya kikundi. Kwenye mfano wetu jibu ni kwamba mhazini anafunga daftari saa 12 jioni na itakayoingia baada ya hapo inaandikwa ya kesho yake, wikendi inahesabiwa. Basi mesej inakuwa hivi, namba na jina la mhazini unaviweka chini yake:

"Ndugu wanakikundi, malipo ya mwezi Juni ni TZS 105,000 (laki moja na elfu tano): rejesho TZS 100,000 na mfuko wa jamii TZS 5,000. Pesa iwe imeingia kwa mhazini Ijumaa tarehe 26 Juni 2026, isizidi saa 12 jioni (18:00), saa za Tanzania. Ongeza ya kutolea ili mhazini abaki na TZS 105,000 kamili. Itakayoingia baada ya saa 12 jioni itahesabiwa ni ya kesho yake. Faini ni TZS 5,000 kwa kila siku kuanzia Jumamosi tarehe 27 Juni, wikendi inahesabiwa. Mfano: itakayoingia Jumatatu tarehe 29 Juni kabla ya saa 12 jioni ina faini ya siku tatu, TZS 15,000, jumla TZS 120,000."

Imekuwa ndefu, najua, kuna watakaolalamika. Huo mfano wa mwisho ndo siutoi hata nikiambiwa nifupishe, maana maneno ya faini yanaweza kueleweka vibaya lakini 120,000 ya Jumatatu haieleweki namna mbili.

Kabla hujaituma mpe mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao, usimuulize "umeelewa?" maana atasema ndio. Muulize wewe unatuma ngapi, saa ngapi kwa simu yako, na ukilipa Jumapili mchana unatoa jumla ngapi. Hiyo ya mwisho jibu ni 115,000, akikwambia 110,000 ujue hakuihesabu Jumamosi, rudi kwenye sentensi ya faini.

Na ikitokea mesej imeshaenda na ina kosa, usiongeze tu chini "samahani ni tarehe 26". Futa ile ya kwanza kama bado inafutika, tuma nzima upya na juu yake uandike "Hii ndiyo sahihi, ile ya leo asubuhi msiifuate", maana kuna walioifowadi kwa wenza wao na marekebisho ya mstari mmoja hayatawafikia.