Kifua mara moja, miguu mara mbili: wimbi la mtindo wa kipepeo

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Kigoma, naogelea ziwani kando kidogo ya mwalo wa Kibirizi, ambako tumefunga kamba yenye maboya, mita 25. Nikiogelea kipepeo, kufika katikati nyonga zinazama, mikono inaburuza maji na mgongo chini unauma. Nahesabu mizunguko 22 kwa hizo mita 25. Wenzangu wanasema nikate kiuno zaidi; nimekata mpaka nimechoka. Nilipokuwa Dar, baharini, haikuwa hivi. Hilo wimbi linaanzia wapi hasa? Nina kilo 70. Video nimekutumia.

JIBU: Marahaba. Hicho kiuno kipumzishe kwanza. Wimbi linaanzia kifuani. Nyonga zinalipokea na kulipeleka miguuni, na ukizilazimisha ziwe ndizo chanzo, unaokunjwa ni uti wa mgongo wa chini, ndiyo maana unauma.

Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge vizuri, ujaribu kulizamisha majini kwa mikono. Litakusukuma juu, na ukiliachia linaruka. Mapafu yako ndiyo dumu hilo. Miguu haina hewa, ni mifupa na misuli, kwa hiyo mahali ambapo maji yanakuinulia pako karibu na kifua, na mahali ambapo uzito unakuvutia chini pako nyuma yake, kuelekea nyonga. Ukikandamiza kifua, mwili unageuka kama ubao wa pembea: mbele kunashuka, nyonga zinapanda zenyewe. Ukikiachia, kifua kinarudi juu na nyonga zinaanza kushuka. Mshuko huo unahamia kwenye paja, kisha goti, kisha unyayo, kila kiungo kikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Ni kama kuitikisa kamba ya mtumbwi iliyolegea: tuta linasafiri mpaka mwisho wa kamba, ila mtu akiishika katikati linafia hapo.

Wimbi hili linasukuma kwa sharti moja: lisafiri kwenda nyuma kwa kasi kuliko wewe unavyokwenda mbele. Hapo ndipo linapoyasukuma maji nyuma. Likiwa la polepole kuliko mwendo wako linakuwa breki, hata kama kwa mtu aliyeko ufukweni linapendeza.

Sasa video. Nimeitazama polepole, picha kwa picha, na tatizo lako liko wazi. Katika kila mzunguko wa mikono kichwa na kifua chako vinazama mara mbili. Vinatakiwa kuzama mara moja tu. Miguu ndiyo inayopiga mara mbili. Watu wengi hawaambiwi jambo hili, wanadhani mwili mzima unacheza kwa hesabu moja. Nusu ya juu ina hesabu yake, miguu ina yake, na nyonga ziko katikati zikizipatanisha.

Tazama mzunguko ukienda sawasawa. Mikono inaingia majini mbele ya mabega, kifua kinakandamizwa, na wakati huohuo miguu inapiga teke la kwanza kwenda chini. Teke na mkandamizo vinasaidiana, nyonga zinafika usawa wa maji. Kisha mikono inashika maji na kuvuta, kifua kinaachiwa, kidevu kinateleza mbele kutafuta hewa. Mikono inapomalizia kusukuma karibu na mapaja, teke la pili linashuka. Kifua hapa hakishuki hata kidogo, kinapanda. Kazi ya teke la pili ni kuzuia nyonga zisizame wakati mabega yanatoka majini, ili mikono ipite juu ya maji ikiwa huru.

Wewe kwenye teke la pili unainamisha kichwa na kukandamiza kifua tena. Mabega yanabaki chini, mikono haina pa kupita, inaburuza maji. Unapoteza mwendo, na mwili usio na mwendo unazama nyonga kwanza. Kuona hivyo unakata kiuno kwa nguvu kuziinua. Malalamiko yako yote matatu yanatoka kwenye mkandamizo huo mmoja wa ziada.

Kuna kosa la pili, dogo zaidi. Visigino vyako vinatoka nje ya maji kabisa na mapaja yanashuka kama unapanda ngazi, yanaelekea mbele na kuzuia maji. Unavuta visigino kwenda makalioni. Goti usilikunje wewe, likunjwe na maji: paja likianza kushuka, maji yanausukuma mguu wa chini ubaki nyuma, na goti linapinda lenyewe. Wewe unalinyoosha tu. Kurudi juu, mguu uende karibu umenyooka, ukiinuliwa na misuli ya makalio. Tumbo likaze kiasi cha kutokuvunja kiunoni, lakini lisiwe gumu kama ubao. Hapo ndipo mtu anaposhika ile kamba katikati.

Kuhusu Dar, hukukosea kuhisi tofauti. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Mwili wa kilo 70 ukizama wote unachukua nafasi ya lita 70 hivi, kwa hiyo bahari ilikuwa inakuinua kwa nguvu ya ziada ya karibu kilo moja na robo tatu. Hiyo inatosha kuficha kosa. Tanganyika haikupi zawadi hiyo, nami naona ni mwalimu mzuri zaidi kwa sababu hiyo.

Fanya hivi kwa wiki mbili. Asubuhi kabla ya upepo, mahali maji yanapokufika kifuani na mitumbwi haipiti, lala kifudifudi, mikono ubavuni, bila teke lolote. Kandamiza mfupa wa kifua kama shibiri moja, hesabu moja, achia. Mwenzako asimame pembeni aziangalie nyonga. Zikipanda bila wewe kusaidia, umelipata. Ukiona kichwa kimetangulia chini na kifua kimebaki, unatikisa shingo tu, rudia. Ukizoea, acha wimbi lifike miguuni bila kuongeza nguvu.

Baada ya hapo ogelea kipepeo kwa mkono mmoja, mwingine umenyooshwa mbele, ukijisemea kimoyomoyo "kandamiza" kwenye teke la kwanza na "toka" kwenye la pili. Neno "toka" ndilo litakaloponya kosa lako. Ukirudi kwenye mikono miwili, piga mizunguko mitatu mizuri kisha simama. Usimalize mita 25 ukiwa umeharibika, mwili utajifunza ule uharibifu. Mgongo ukiendelea kuuma hata siku usizoogelea, au maumivu yakishuka mguuni, acha kabisa umwone daktari.

Kwa mizunguko 22 unasogea mita 1.14 kila mara. Waogeleaji wa kiwango cha juu husogea karibu mita mbili. Wewe lenga kwanza 17, lakini pima na muda. Hesabu ikishuka huku sekunde zikiongezeka, maana yake unanyoosha mikono mbele na kusubiri, wimbi limesimama. Video inayofuata mpigaji asimame majini pembeni yako, simu iwe karibu na usawa wa maji. Hii ya kutoka ufukweni imeonyesha kichwa vizuri, ila nyonga nimezikisia.