Ujumbe wa kumwalika mtaalamu wa mibuni: nilivyokosea, na nilivyoandika upya

Wiki iliyopita nilipandisha kwenye chaneli yangu ya YouTube mahojiano na bwana shamba mstaafu wa huku Kibosho, mzee ambaye wakulima wa vijiji vinne humtafuta mibuni yao inapozeeka, na tangu siku hiyo wenzangu wenye chaneli ndogo wananiuliza nilimpataje. Jibu la kweli ni kwamba alinikataa kwanza, na sababu ya kukataliwa ilikuwa ujumbe wangu mwenyewe.

Ujumbe wa kwanza niliuandika mwezi wa Oktoba, katikati ya mavuno, jambo ambalo mtoto wa Moshi hakupaswa kulisahau. Nilijaza sifa zake, nikamwambia kwamba chaneli inakua kwa kasi, kwamba mahojiano ni "saa 1 tu", na kwamba atapata umaarufu. Sikujua kuwa simu ya mzee husomwa na binti yake, kwa sauti, baada ya chakula cha jioni. Binti alielewa kwamba baba yake anatakiwa saa 1 asubuhi, wakati anaokamua ng'ombe. Kisha akaniandikia: "Baba anauliza, huo umaarufu atauweka wapi?" Nakiri kwamba swali hilo liliniuma kwa majuma kadhaa, na hata leo nikilikumbuka nahisi uso unawaka.

Januari, mavuno yalipokwisha na msimu wa kupogoa ulipofika, niliandika tena, safari hii nikiwa nimemfikiria binti anayesoma na mzee anayesikiliza. Baada ya kujitambulisha kwa jina, ukoo na kijiji, niliendelea hivi:

"Shikamoo Mzee. Naomba radhi kwa ujumbe wangu wa Oktoba. Ninaomba nije kwako tuzungumze kuhusu kupogoa mibuni iliyozeeka, kwa ajili ya chaneli yangu ya YouTube yenye wafuatiliaji 640, wengi wao vijana waliorithi vihamba na hawajui waanzie wapi. Tutakuwa wawili tu. Tutakaa barazani kwa dakika 30, kisha tutakwenda shambani kwa dakika 20 ili utuonyeshe shina la kuondoa na machipukizi ya kubakiza. Pamoja na kupanga vifaa, naomba muda usiozidi saa mbili, kuanzia saa tatu asubuhi, Jumamosi utakayoichagua wewe. Maswali matano utayapata siku nne kabla, na utaangalia mahojiano kabla sijayapandisha, ili usilolipenda liondolewe. Malipo sina. Nitakuletea nakala nzima kwenye fleshi, ibaki kwa wajukuu, pamoja na maswali ya watazamaji ili uyajibu ukipenda. Ikiwa haikufai, neno la hapana linatosha."

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Baba anasema njoo, ila msumeno uje na wako."

Ninyi mnaotaka kualika wataalamu, tazameni hasa suala la muda. Kurekodi kulipangiwa dakika 50, lakini niliomba saa mbili, kwa sababu kubana kipaza sauti kwenye kola, kuhamisha jogoo anayewika na kusubiri upepo utulie kwenye migomba hakufanyiki kwa dakika tano. Mzee naye alianza na habari za babu yake, tukakaa barazani dakika 55 badala ya 30. Kama ningalimwahidi saa moja, tungalifika shambani akiwa ameshaanza kutazama jua, na sehemu ya msumeno, ambayo ndiyo watu waliyoipenda, isingalirekodiwa. Mwandikieni mtu muda wote mtakaokuwa nyumbani kwake, na mtofautishe muda wa kukaa na saa ya kufika, kwani kwa Kiswahili vyote viwili ni "saa".

Kuhusu faida, acheni kumwahidi mtu aliyekwisha kuheshimika heshima ambayo hamna. Niliona aibu kuiandika ile 640, nikaifuta mara mbili kabla ya kuituma, lakini binti aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo baba yake alipomkatiza na kusema, "Huyu hadanganyi." Kilichomvuta zaidi ni fleshi, kwa kuwa wajukuu wake wako Dar es Salaam na hawajawahi kumwona akishika msumeno.

Jambo moja bado linanisumbua. Haki ya kuondoa sehemu aliitumia: alipoangalia mahojiano, alitaka dakika saba zitoke, aliponung'unikia mnunuzi mmoja wa kahawa, nami nilizipenda kuliko zote. Niliziondoa siku hiyohiyo, binti akiwa ananitazama, kwa sababu haki hiyo nilikuwa nimeiandika mwenyewe katika ujumbe.