Mkate wa bei ya chini au mkate wa kipekee? Nilivyoona katika bekari mbili za Nakuru

*"Nataka kufungua bekari ndogo hapa Molo, nina laki nne. Wengine wananiambia niuze bei ya chini kuliko wote, wengine wananiambia nitengeneze mkate wa kipekee. Je, siwezi kufanya yote mawili?"*

Ndugu, nimefanya kazi katika bekari mbili hapa Nakuru. Ya kwanza iko upande wa Kaptembwo, nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku kwa miaka minne. Ya pili iko Milimani, niliandika vitabu vyake vya hesabu. Majina yao nayaacha. Zote mbili zilipata faida, na kila moja ingekufa kama ingeendeshwa kwa njia ya mwenzake.

Nianze na Kaptembwo, kwa sababu watu wengi wanadhani uongozi wa gharama ni kupunguza bei. Bei ya chini yeyote anaweza kuiandika mlangoni. Kazi yenyewe ni kufanya mkate mmoja ukugharimu kidogo kuliko unavyomgharimu jirani. Mzee mwenye bekari alioka mkate wa aina moja tu, mweupe, gramu 400. Gunia la unga wa ngano la kilo 50, ukitia maji, sukari, mafuta, hamira na chumvi, lilitupa donge la kilo 86 hivi. Tulikata vipande vya gramu 455, kwa sababu mkate hupoteza maji ndani ya oveni na ukikata gramu 400 utatoa mkate mwepesi kuliko ulivyoandikwa kwenye mfuko. Tukitoa mabaki na iliyoharibika, gunia moja lilikuwa mikate 185. Wakati huo unga, viungo na mfuko wa nailoni vilifika kama shilingi 30 kwa mkate. Kioski kilichukua kwa 52 na kuuza kwa 60.

Zinabaki 22, na hapo ndipo watu hufurahi mapema. Kodi ya jengo, mishahara, dizeli ya oveni, gari na mkopo vilikula shilingi 30,000 kila siku, tuoke mikate mingi au michache. Tukioka mikate 2,200, kila mkate ulibeba kama 13.60 za mzigo huo na kutuachia 8 na senti. Tukishuka hadi 1,400, mzigo ulipanda hadi 21 na zaidi, faida ikawa senti 60. Mkate ni uleule, unga uleule. Ndiyo maana mzee alikuwa mkali sana kuhusu oveni. Ilibeba mikate 190 kwa mara moja, na gunia moja lilikuwa 185, kwa hiyo gunia moja lilikuwa oveni moja, mara 12 kwa usiku, bila pengo. Donge likichelewa kuumuka kwa dakika 20, dizeli inaungua huku oveni ikiwa tupu.

Adui wetu mwingine alikuwa mkate unaorudi. Ukirudishwa na kioski umeshakula zile 30 za viungo na 13 za mzigo. Mmoja ukirudi, umefuta faida ya mitano. Kwa hiyo dereva hakuruhusiwa kuacha kreti nzima kwa kioski kinachouza mikate 12, hata mwenye kioski akiomba.

Sasa Milimani. Mama mwenye bekari alioka mikate 160 kwa siku, ya unga usiokobolewa, gramu 500, na kuiuza 180 palepale kaunta. Viungo vilifika 62. Mzigo wake wa siku ulikuwa 12,000, yaani 75 kwa mkate. Alibaki na 43. Watu walikuwa wakilipa mara tatu ya bei ya kioski kwa sababu gani? Si kwa sababu ya mfuko mzuri. Donge lake lilikaa saa 16 likichachuka polepole, na hapo ndipo ladha na harufu hujengeka. Pili, mkate ulitoka saa tisa alasiri, ili watu wakitoka kazini saa kumi na moja wakute bado una uvuguvugu. Tatu, mkate wa jana haukuuzwa kamwe. Uliobaki ulikatwa, ukakaushwa na kuuzwa kama tosti kavu. Mteja akijua hivyo, haulizi mkate ni wa lini.

Lililonifungua macho ni hili: Kaptembwo walijua kila kitu alichofanya mama yule, na hawakuweza kumwiga. Donge la saa 16 linahitaji nafasi ya kukaa. Wangeliweka, wangevunja mpangilio wa kujaza oveni mara 12 kwa usiku, na mkate mweupe ungepanda gharama. Walijaribu mkate wa kahawia kwa wiki chache, wakaacha. Kile kilichowafanya waoke kwa gharama ya chini ndicho kilichowazuia. Profesa Michael Porter wa Harvard aliandika haya mwaka 1980, kwamba anayetaka gharama ya chini na upekee kwa pamoja mara nyingi hukwama katikati. Mimi niliyaona katika vitabu vya hesabu nilivyoandika.

Januari moja, watu wakiwa wamemaliza pesa kwa karo, mauzo ya Milimani yalilegea. Mama akaamua kuongeza mkate mweupe wa vioski, 200 kwa siku. Lakini yeye alinunua unga kwa beli, si kwa magunia mengi kwa mara moja, na oveni yake ya umeme ilibeba mikate 45. Viungo vikamfikia 36, boda wa kusambaza 3. Akiuza 52, anabaki na 13, jumla 2,600 kwa siku. Toa 900 za kibarua, zinabaki 1,700. Kwenye karatasi ilionekana ni nyongeza.

Ila mkate mweupe ulishika oveni hadi mchana, na ule wa 180 ukaanza kutoka saa kumi na mbili jioni. Wateja wa saa kumi na moja wakakuta kaunta tupu. Kutoka 160 tukashuka hadi 110. Mikate 50 iliyopotea, kila mmoja ukiacha 118 baada ya viungo, ni 5,900 kwa siku. Alipata 1,700 akapoteza 5,900. Hatukuiona haraka kwa sababu jumla ya mikate ilikuwa imepanda na kila mtu alikuwa na shughuli. Dalili ya kwanza ilikuwa nilipoandika mauzo kwa saa badala ya kwa siku. Ya pili, wateja wa zamani walianza kuuliza kwa nini mkate mmoja ni 180 kaunta na mwingine 60 kioskini, wakati bekari ni ileile. Alisimamisha baada ya wiki saba, na wateja hawakurudi wote.

Njia ya Kaptembwo nayo ina hatari yake. Kenya huagiza ngano nyingi kutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 unga ulipanda. Katika mkate wao, unga pekee ulikuwa shilingi 20. Ukipanda kwa asilimia 20, ni shilingi 4, nusu ya faida yote.

Kwa laki nne, Molo, huwezi kujaza oveni ya Kaptembwo, kwa hiyo mimi nisingeshindana nao kwa bei, maana gari lao linaweza kufika huko. Kabla hujanunua chochote, kaa stendi na sokoni siku tano ukihesabu ni watu wangapi hununua kitu kinachozidi shilingi 100 kwa ajili ya chai ya jioni. Wakiwa chini ya idadi ya mikate inayolipa mzigo wako wa siku, usifungue bado. Weka hapa kodi ya chumba, mshahara utakaolipa na oveni unayofikiria kununua, tukokotoe pamoja.