Oksijeni Ikikatika Mgonjwa Akiwa Mezani: Namna ya Kuandika Taarifa

Nawaandikia mnaoanza kazi ya usingizi kwenye hospitali ndogo, zile ambazo oksijeni yake hutoka kwenye konsentreta inayotumia umeme, huku mtungi ukisimama pembeni kama akiba. Siku itafika oksijeni ikatike katikati ya upasuaji. Kumhudumia mgonjwa mmefundishwa. Shida huja baadaye, ukikaa na kalamu.

Chukueni kisa hiki, cha mama aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa tumbo kwa nusukaputi, mpira ukiwa kooni. Taarifa ya kwanza ilisema: "Oksijeni ilikatika saa 4:42, tukabadilisha mtungi, mgonjwa akaendelea vizuri." Sentensi nzuri, lakini haimsaidii mtu. Kwanza, saa 4:42 ni asubuhi au alfajiri? Kwenye faili andikeni 10:42, kwa sababu anayesoma mwezi ujao hajui kama mlihesabu Kiswahili. Tena chagueni saa moja tu, ya ukutani kwa mfano, kisha linganisheni nayo saa ya oksimita. Mara nyingi hazikubaliani.

Pili, oksijeni haikukatika 10:42. Hiyo ni saa ambayo alamu ya oksimita ililia, SpO2 ikiwa 89. Waya wa ekstensheni ulikuwa umechomoka chini ya meza, konsentreta ikazima, na alamu yake ya kukosa umeme haikulia hata kidogo. Taa zilikuwa zinawaka, na kwa kuwa mashine ile ya usingizi huvuta hewa ya chumbani oksijeni isipokuja, mgonjwa aliendelea kupumulishwa na kifua kinapanda kama kawaida. Hewa ile ina oksijeni asilimia 21 tu, basi oksijeni ya damu ikashuka polepole. Oksimita nayo huchelewa nusu dakika au zaidi kuonyesha kilichokwisha kutokea mwilini. Taarifa sahihi husema hivi: mara ya mwisho kuhakikisha oksijeni inatiririka ilikuwa 10:35, lita 5 kwa dakika, SpO2 98, tatizo likagundulika baada ya alamu ya 10:42. Kati ya hapo hatujui, na msijaze pengo hilo kwa kubuni.

Andikeni pia alamu ambayo haikulia. Fundi anaihitaji hiyo kuliko ile iliyolia, kwani huenda betri ndogo ya ndani imekufa siku nyingi na hakuna aliyejua.

Mfuatano uliobaki ulikuwa hivi. 10:43, mpira umekaguliwa, kifua kinasikika pande zote mbili. 10:44, kigololi cha flomita kimeonekana kiko chini kabisa. 10:46, mtungi umefunguliwa, SpO2 84, ambayo ndiyo ya chini kuliko zote. 10:48, imepanda hadi 95. Zile dakika mbili kati ya 10:44 na 10:46 zina maelezo yake: spana ya mtungi ilikuwa chumba cha pili. Liandikeni kama lilivyo, "spana haikuwa kwenye mtungi, imeletwa kutoka chumba cha pili", bila kumtaja aliyeiacha huko. Lawama zina vikao vyake.

Mtungi nao unatoa ushahidi, mkiandika presha kabla na baada. Mtungi wa lita 680 ukiwa umejaa husoma baa 137, na oksijeni hupungua sambamba na presha. Ule ulisoma baa 60, yaani kama lita 300. Ulitumika kuanzia 10:46 hadi 11:01, lita 8 kwa dakika, ambazo ni lita 120, hivyo sindano ilipaswa kushuka karibu baa 24. Ilisoma 36 mwishoni, na hesabu ikakubali. Ingesoma 55, basi ama saa zenu si sahihi, ama mtiririko haukuwa huo mliouandika. Mtungi ukiondoka huenda na hadithi yake, usomeni kabla haujabadilishwa.

Ukikosea, kata neno kwa mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka saini na saa. Ukiongeza jambo jioni, andika kwamba umeliongeza jioni.

Kuhusu hali ya mgonjwa, "yuko salama" haitoshi. Yule mama aliandikiwa: 11:40 mpira umetolewa, anapumua mwenyewe, SpO2 96 bila oksijeni, ametaja jina lake na la mtoto wake, amesukuma kwa mikono na miguu yote minne. Kesho yake asubuhi akatembelewa wodini, akaulizwa kama anakumbuka chochote cha thieta, majibu yakaingia faili hilo hilo. Konsentreta ikafungiwa karatasi ya "isitumike", ikiwa na tarehe, saa na saini, mpaka fundi aje kuiona jinsi ilivyokuwa.